Yatokanayo: azimio la Oktoba lililopotea hadi Januari

Jumatatu ya kufungua shule mwezi wa Januari, saa tatu kasorobo asubuhi, mhasibu wa shule moja ya bweni kule Machakos alinipigia simu. "Kijana wangu," akaniambia, "niko na mzazi hapa dirishani. Amelipa elfu kumi na nane, mtambo wenu unasema thelathini na sita. Nimwandikie salio gani?" Nyuma ya sauti yake nilisikia masanduku ya bati yakiburutwa sakafuni. Kufikia adhuhuri tulikuwa tumehesabu malipo 43 yaliyoingia mara mbili katika shule sita.

Sisi ni timu ya watu saba, tuna ofisi karibu na Ngong Road, na kazi yetu ni mfumo wa kupokea karo. Mimi ndiye kiongozi wa timu. Hitilafu yenyewe tuliirekebisha baadaye na sitaikalia sana. Ninachotaka kukichambua ni jambo lililotokea Alhamisi ya wiki hiyo tulipoketi kwa retro, mkutano wetu wa kujitathmini mwishoni mwa kila sprinti, yaani kipindi cha kazi cha wiki mbili. Hiyo ilikuwa sprinti ya 17. Dada yetu wa majaribio ya programu aliinua mkono kabla mtu yeyote hajasema neno. "Lakini hii si tulisema? Tena tulisema kabla ya Mashujaa."

Alikuwa sahihi. Tulilisema, tukakubaliana namna ya kulitatua, na mmoja wetu akaanza kulitatua. Halafu likapotea kwa muda wa miezi mitatu.

Tulitumia retro nzima kulifuatilia azimio hilo nyuma, hatua kwa hatua, kama mtu anayefuata nyayo za mbuzi aliyepotea. Ushahidi wa kwanza ulikuwa katika kundi letu la WhatsApp: picha ya ubao iliyopigwa mwisho wa retro ya sprinti ya 11, katikati ya Oktoba. Kwenye pembe ya juu kulikuwa na karatasi ya manjano imeandikwa kwa kalamu nene: "Malipo mara mbili, tuboreshe." Basi. Hakuna jina la mtu, hakuna tarehe, hakuna namba ya tiketi ya kazi. Watu watano kati ya saba waliokuwa chumbani Januari walikuwapo pia Oktoba, na kila mmoja alikumbuka maana tofauti ya neno "tuboreshe". Mmoja alidhani ni kuandika majaribio zaidi. Mwingine alidhani ni kuzungumza na mtoa huduma wa malipo. Mhandisi aliyejua maana halisi alikuwa amehamishiwa bidhaa nyingine ya kampuni tangu Novemba, kwa hivyo tukamwita aje aketi nasi.

Alifika na kipakatalishi chake, akafungua tawi la msimbo, yaani nakala ya kando ya programu, ambalo hakuwahi kuliunganisha na mfumo. Hapo ndipo hadithi ilipoanza kueleweka.

Mfumo wetu ukipokea taarifa kwamba mzazi amelipa, taarifa hiyo huingia kwenye foleni. Mfanyakazi wa foleni, yaani programu ndogo inayozichukua kazi moja moja, huuliza hifadhidata: namba hii ya risiti ipo? Ikiwa haipo, anaandika malipo, anamtumia mzazi ujumbe mfupi, kisha anaiambia foleni kazi imekwisha. Asiposema hivyo ndani ya sekunde 30, foleni inadhani amekufa na kumpa mwingine kazi ileile. Kosa letu lilikuwa kwamba ujumbe mfupi ulitumwa muamala wa hifadhidata ukiwa bado wazi, yaani kilichoandikwa hakijathibitishwa na wengine hawawezi kukiona. Siku ya kufungua shule ujumbe ukachelewa kupita sekunde 30. Mfanyakazi wa pili akaja, akauliza kama risiti ipo, akaambiwa haipo kwa sababu wa kwanza alikuwa hajakamilisha muamala wake, naye akaandika. Dawa ni kuilazimisha hifadhidata yenyewe ikatae, badala ya kutegemea swali linaloulizwa kabla ya kuandika.

Mhandisi wetu alilijua hilo Oktoba. Katika tawi lake kulikuwa na mistari hii:

```sql
ALTER TABLE malipo
  ADD CONSTRAINT malipo_risiti_kipekee
  UNIQUE (namba_risiti);
```

Aliiendesha kwenye nakala ya data halisi, nayo hifadhidata ikamjibu `could not create unique index`. Ilikuwa na risiti zilizojirudia tangu zamani, na kanuni ya upekee haiwezi kuwekwa juu ya data inayoivunja tayari. Akaanza kuzichambua. Akagundua kwamba nyingi hazikuwa makosa hata kidogo: mzazi mwenye watoto wawili katika shule moja hulipa mara moja, na mhasibu huigawa karo hiyo kwa wanafunzi wawili. Risiti ni moja, safu ni mbili, na zote ni halali. Kwa hiyo azimio la Oktoba, hata lingeandikwa kwa ukamilifu, lilikuwa na kasoro. Upekee ulipaswa kuwa wa risiti pamoja na mwanafunzi.

"Nilisema kwenye stendapu," alituambia, akimaanisha mkutano wetu mfupi wa kila asubuhi. "Nilisema nimekwama na data ya zamani, kuna ndugu." Tunamwamini. Mimi mwenyewe ninakumbuka neno "ndugu" na ninakumbuka kwamba sikuuliza. Kesho yake aliombwa asaidie bidhaa nyingine kwa siku mbili, siku mbili zikawa wiki mbili, kisha uhamisho ukawa rasmi. Ugunduzi wenye thamani kuliko yote katika kisa hiki ulitamkwa kwa sentensi moja asubuhi moja, watu sita wakautikia kwa kichwa, na ukaishia hapo.

Kwa hiyo azimio lilipotea mara mbili, na kwa njia mbili tofauti. Mara ya kwanza lilipotea kwenye retro, kwa sababu kilichoandikwa kilikuwa matamanio. Mara ya pili lilipotea kwenye stendapu, kwa sababu kikwazo kilisemwa kwa mdomo tu. Ninazitenganisha kwa makusudi, maana dawa ya moja haitibu nyingine, na sisi tulichelewa kulielewa hilo.

Dawa yetu ya kwanza ilikuwa kurekodi sauti. Ilionekana rahisi: mikutano yetu ina watu wawili wanaojiunga kwa mtandao, kitufe cha kurekodi kipo, basi tubonyeze. Tulifanya hivyo kwa sprinti mbili. Matokeo yake ni faili za dakika hamsini hamsini ambazo hakuna aliyezifungua, kwa sababu hakuna mtu anayetafuta azimio kwa kusikiliza dakika hamsini. Baya zaidi lilijitokeza katika retro ya pili. Tulifika kwenye swali la kwa nini makadirio ya kazi yalikosewa, na kijana wetu anayejenga skrini za mfumo akanyamaza, akaitazama ile taa nyekundu. "Zima hiyo kitu kwanza," akasema, "ndio niseme." Tulizima, akasema, na alichosema kilikuwa ndicho kiini cha retro nzima: makadirio hutolewa na watu wawili wenye sauti, wengine wanafuata. Rekodi ilikuwa imetunza yale yasiyo na uzito na kuyafukuza yenye uzito. Isitoshe, sauti ya mtu anayetambulika ni data binafsi chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na sisi tulikuwa tumezirundika kwenye hifadhi ya pamoja bila kuamua zitafutwa lini wala nani azisikilize. Tulizifuta zote siku hiyo.

Suluhisho lilitoka kwa dada yuleyule wa majaribio, ambaye kwao, mtaa wa Umoja, ni katibu wa chama cha akina mama. Alituuliza swali lililotufanya tutazamane: "Kwani nyinyi kumbukumbu hamkufunzwa shule?" Sote tulifunzwa. Kila aliyefanya mtihani wa Kiswahili kidato cha nne anaweza kuandika kumbukumbu usingizini: waliohudhuria, waliokosa kwa udhuru, kuthibitisha kumbukumbu za mkutano uliopita, kisha yatokanayo na kumbukumbu hizo, kabla ya ajenda yoyote mpya kuguswa. Katika chama chake, alieleza, huwezi kuzungumzia mkopo mpya kabla ya kusomwa kwamba mwezi uliopita mama fulani aliahidi kwenda benki, naye aulizwe alienda au hakwenda. Retro zetu zilikuwa na kila kitu isipokuwa yatokanayo. Kila mara tulianza na ubao mtupu, tukiuita mwanzo mpya.

Hata waliotunga Skramu, utaratibu wa kazi wenye sprinti na retro, waliligusa jambo hili, ingawa kwa mlango mwingine. Mwongozo wao wa 2017 ulitaka angalau uboreshaji mmoja wa kipaumbele kutoka retro uingie kwenye orodha ya kazi ya sprinti inayofuata. Toleo la 2020 lililegeza, likasema maboresho yenye athari kubwa yashughulikiwe mapema iwezekanavyo na kwamba yanaweza hata kuingizwa katika orodha hiyo. Mimi nimeona toleo la zamani likitufaa zaidi. Azimio lisiloshindania nafasi na kazi nyingine za wiki hiyo litafanywa na mtu mwenye muda wa ziada, na huyo mtu hatumjui.

Tangu Februari kumbukumbu zetu ni faili moja kwa kila sprinti, na zinakaa ndani ya hazina ya msimbo, mahali tunapohifadhi programu na historia yake, kwenye folda inayoitwa `kumbukumbu`. Tulizileta humo ili zisafiri pamoja na msimbo zinaouhusu. Kundi la WhatsApp husonga, picha hufutika mtu akibadilisha simu, lakini hazina ya msimbo ndiyo kitu pekee ambacho kila mmoja wetu hufungua kila siku. Azimio lile la malipo, lilipoandikwa upya, lilionekana hivi. Jina la mhusika nimeliondoa.

```
R17-1
Azimio:   Risiti moja isiandikwe mara mbili
          kwa mwanafunzi yuleyule
Mhusika:  (jina moja)
Tiketi:   KARO-412
Ushahidi: Taarifa ileile ikitumwa mara mbili,
          safu inabaki moja
Kwa nini: Si upekee wa risiti pekee; ndugu wawili
          hushiriki risiti moja kihalali
Hali:     wazi
```

Mistari miwili ya mwisho kabla ya hali ndiyo iliyotugharimu mabishano. "Ushahidi" ni kile ambacho mtu asiyekuwa mkutanoni anaweza kukitazama na kusema limefanyika au halijafanyika. Neno "tuboreshe" haliwezi kuandikiwa ushahidi, na hapo ndipo linapojifichua. Tangu tuanze kuudai mstari huo, maazimio yetu yamepungua kutoka matano au sita kwa retro hadi mawili, mara chache matatu. Mengine yalikuwa malalamiko ya haki ambayo hayakuwa yamekomaa kuwa kazi, nayo sasa tunayaandika chini kama mafunzo, bila mhusika, bila kujidanganya kwamba kuna mtu ameyabeba.

"Kwa nini" tuliuongeza kwa ajili ya wale ndugu wawili. Uamuzi ukiandikwa bila sababu, mtu mwingine ataubadilisha kwa nia njema.

"Mhusika" ni jina moja. Tulijaribu kuandika "timu ya malipo" mara moja, na kwenye retro iliyofuata kila mmoja wa timu ya malipo alimtazama mwenzake. Jina moja halimaanishi mtu huyo afanye kazi peke yake. Linamaanisha yeye ndiye atakayeulizwa kwenye yatokanayo, na akihamishwa, kama alivyohamishwa mwenzetu Novemba, ni lazima jina libadilishwe kwenye faili kabla hajaondoka. Siku hizi ninapopokea ombi la kumkopesha mtu kwa bidhaa nyingine, kitu cha kwanza ninachofanya ni kutafuta jina lake ndani ya folda hiyo.

Kazi ikikamilika, namba ya azimio huandikwa katika ujumbe wa badiliko la msimbo. Ni herufi chache tu, R17-1, lakini ndizo zinazofunga uzi: kutoka kwenye mstari wa msimbo unaweza kurudi hadi kwenye mazungumzo yaliyouzaa. Na kutoka kwenye azimio, amri hii huorodhesha mabadiliko yenye namba hiyo:

```
git log --grep="R17-1"
```

Stendapu tuliishughulikia kwa namna nyingine, na hapa nawasihi wanaotaka kuiga wasikose kuona tofauti. Hatuandiki kumbukumbu za stendapu. Tulijaribu kwa wiki moja, na dakika 15 zikawa 25, kila mtu akisoma ripoti kumwelekea mwandishi. Kinachoandikwa ni vikwazo tu, na haviandikwi kwenye faili bali ndani ya tiketi yenyewe, na aliyekwama mwenyewe, kabla ya kurudi kwenye kiti chake. Ni sentensi moja yenye tarehe: "Kanuni ya upekee imekataliwa na data ya zamani, baadhi ya marudio ni ya ndugu, ni halali, nahitaji mhasibu athibitishe." Kikwazo kilekile kikisikika katika stendapu mbili mfululizo, mimi ninalazimika kuweka jina la mtu wa pili kwenye tiketi siku hiyohiyo. Sentensi ya Oktoba ingeandikwa hivyo, Januari ingepita kimya.

Unajuaje kwamba utaratibu huu umeanza kuoza? Kwetu dalili ilikuwa neno "inaendelea". Mwezi wa Aprili nilifungua faili tatu mfululizo nikakuta azimio moja, la kupunguza muda wa majaribio ya kiotomatiki, lina hali ileile: inaendelea, inaendelea, inaendelea. Mhusika hakuwa mvivu. Azimio lilikuwa kubwa mno, na kila wiki mbili alikuwa akisukuma kidogo pasipo kitu cha kuonyesha. Tukaweka kanuni kwamba azimio linaweza kuvuka retro moja tu. Likifika ya pili bado wazi, ama linakatwa vipande, ama linaandikwa "limeachwa" pamoja na sababu. La majaribio tulilikata, kipande cha kwanza kikaisha ndani ya sprinti. Lingine, la kuzunguka zamu ya kuendesha mkutano, tuliliacha waziwazi kwa kuwa hakuna aliyelitaka kwa dhati. Niliona watu wakipumua. Kuacha jambo kwa kuliandika ni tofauti kabisa na kulisahau, na timu hulihisi hilo.

Hatari nyingine ilitoka juu. Mei, meneja mmoja aliziona faili akazipenda, akaomba azitumie wakati wa kupima utendaji wa watu: nani ana maazimio mangapi yaliyochelewa. Ninaelewa alikotoka, lakini nilimkatalia, na ningemkatalia tena. Siku majina yale yatakapogeuka alama za mtihani, hakuna atakayejitolea kuwa mhusika wa jambo gumu, na maazimio yatakuwa ya kubadilisha rangi ya vitufe. Tulikubaliana kwamba faili hubeba maazimio, sababu na mafunzo pekee. Nani alisema nini, nani alimlaumu nani, hayo huandikwa ubaoni na hufutwa kabla ya mlango kufunguliwa, wala picha haipigwi. Kijana aliyesema "zima hiyo kitu" ndiye aliyependekeza kifutio kiwe mkononi mwa anayeendesha mkutano tangu mwanzo.

Kuna jambo ambalo utaratibu huu haujatusaidia hata kidogo, nalo ni mafunzo yasiyo na mhusika. Yamejaa sasa, karibu kila faili ina matatu au manne, na huyasoma nani? Tumejaribu kuyapitia mwisho wa kila muhula wa shule na kuyaunganisha yanayofanana. Tulipofanya hivyo mara ya kwanza tulikuta lalamiko la makadirio limeandikwa kwa maneno manne tofauti katika faili nne, likawa azimio siku hiyo. Lakini kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima, na sina hakika tutaifanya kila muhula.

Azimio R17-1 lenyewe lilifungwa mwanzoni mwa Februari. Tuliutoa ujumbe mfupi nje ya muamala, tukasafisha marudio ya kweli baada ya wahasibu kuthibitisha moja moja, kisha tukaweka kanuni ya risiti pamoja na mwanafunzi. Kwenye retro iliyofuata, dada wa majaribio alisoma yatokanayo, akaendesha swali hili mbele yetu kwenye data halisi, likarudi tupu:

```sql
SELECT namba_risiti, mwanafunzi_id, COUNT(*)
FROM malipo
GROUP BY namba_risiti, mwanafunzi_id
HAVING COUNT(*) > 1;
```

Ndipo akabadilisha neno "wazi" kuwa "limefungwa", akaandika tarehe.

Mwezi wa Juni tulimpokea mhandisi mpya. Wiki yake ya pili alinijia na pendekezo: kanuni ya malipo inatazama risiti pamoja na mwanafunzi, inatosha namba ya risiti peke yake, itakuwa nyepesi na safi zaidi. Alikuwa ameshaandaa badiliko. Kabla sijamjibu, akasema amegundua namba ya ajabu kwenye historia ya mstari ule, R17-1, akaomba kujua ni nini. Nilimwonyesha folda. Alisoma kimya, akafika kwenye "ndugu wawili hushiriki risiti moja", akalifuta tawi lake mwenyewe.